Dawa ya damu imekaa kabatini, nianze au nisianze?

Assalam aleikum daktari. Mimi ni mzee wa miaka 68, seremala hapa Lamu mjini, milango na vitanda. Presha ninayo miaka mingi na vidonge vyake nameza. Mwezi uliopita nilienda kliniki ya presha, muuguzi akanishika mkono akasema mapigo yanarukaruka, nikapelekwa kipimo cha umeme wa moyo, karatasi ikaandikwa AF. Nikapewa wafarini na kuambiwa nirudi kupima INR kila mara.

Dawa nimenunua lakini mpaka leo iko kabatini. Binamu yangu alikuwa akitumia hizi dawa za damu, akavuja damu kichwani akafa. Na mimi kazi yangu ni patasi na msumeno, kujikata ni kawaida. Halafu siku nyingi moyo umetulia kabisa, sisikii kitu, labda nikipanda ngazi za juu darini ndo pumzi inakatika kidogo. Ndugu yangu anasema aspirini yatosha. Mwanangu yuko Mombasa, anataka kuninunulia vile vidonge vipya visivyotaka kupima, lakini ni ghali, akasema nikimeza siku moja niache siku moja vitafika mwisho wa mwezi. Mke wangu anasema niende zangu hijama kama kila mwaka, damu chafu itoke, na Ramadhani ikija nitafungaje na madawa haya? Sitaki kufa kwa kiharusi na sitaki kufa kwa dawa. Nifanyeje?

Mzee wa Lamu


Waalaikum salaam mzee wangu, na shikamoo. Jibu litakuwa refu kidogo manake maswali yako yameshikana, ukivuta moja jingine linakuja nalo.

Naanza na zile siku moyo umetulia, kwa sababu nahisi hapo ndo penye kikwazo kikubwa kuliko hata habari ya binamu. AF ni hivi, vyumba viwili vya juu vya moyo badala ya kukaza na kuachia kwa mpigo mmoja vinatetemeka tu, na kwenye chumba cha juu cha kushoto kuna kijifuko kidogo kimejitokeza pembeni. Chumba kisipokaza vizuri damu ndani ya hicho kijifuko inatulia, na damu iliyotulia inaganda. Likitoka donge humo njia yake ya kwanza ni kwenda juu, kwenye ubongo, ndo kiharusi hicho, na viharusi vya aina hii huwa vikubwa kuliko vingi vingine. Sasa AF kwa watu wengine inakuja na kuondoka, na wengi wala hawaisikii hata ikiwepo. Wewe mwenyewe hukujua chochote mpaka muuguzi alipokushika mkono. Kwa hiyo siku uliyotulia huenda moyo umerudi kwenye mpigo wake, na huenda bado unatetemeka na wewe umeshazoea, kwa kusikiliza kifua tu huwezi kutofautisha. Ndo maana sisi hatuamui dawa kwa vile mgonjwa anavyojisikia, tunahesabu yale mambo aliyonayo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umri wa kuanzia 65 hadi 74 ni pointi moja, unayo. Presha ni pointi moja, unayo, hata kama vidonge vimeishusha. Sukari ni moja, moyo kushindwa kusukuma vizuri ni moja, mishipa ya moyo au ya miguu kuziba ni moja, na aliyewahi kupata kiharusi anabeba mbili. Ukifika 75 ile moja ya umri inakuwa mbili. Kwa uliyoniandikia una mbili, ila sukari hukuitaja, na hiyo pumzi ya kwenye ngazi nataka ichunguzwe, inaweza kuwa ni haya mapigo tu au moyo wenyewe umechoka, na ikiwa ni hilo la pili pointi zinakuwa tatu. Mtu mwenye mbili asiyetumia dawa, tukichukua watu 100 kama yeye, kama wawili hivi watapata kiharusi ndani ya mwaka. Mwaka unaofuata tena, na umri nao unapanda. Dawa nzuri ya kuzuia damu isigande inaondoa karibu thuluthi mbili ya hatari hiyo. Kwa mwanamume kuanzia pointi mbili miongozo inasema dawa ipewe, na mimi mgonjwa wangu ningemwambia hivyohivyo, lakini nakupa hizo namba uzione mwenyewe maana ni mwili wako.

Upande wa pili wa mizani nao ni wa kweli, sitakuficha. Kwenye tafiti kubwa za hizi dawa kama watu wawili hadi wanne kati ya 100 kwa mwaka walivuja damu kiasi cha kuhitaji hospitali. Wengi ni tumboni, na hao mara nyingi wanatibika wakarudi nyumbani. Kichwani ni wachache, chini ya mmoja kati ya 100, lakini ndo wale wa kuogopesha. Mungu amrehemu binamu yako. Ningependa kujua mambo matatu kuhusu yeye, kama kuna wa kukuambia: presha yake ilikuwa ikipimwa, INR yake, kile kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, mara ya mwisho ilikuwa ngapi na lini, na je alikuwa akinunua dawa za maumivu dukani? Siulizi kumlaumu marehemu. Nauliza kwa sababu damu ya kichwani kwa mtu wa dawa hizi mara nyingi ina mwenzake aliyeisaidia, na presha isiyodhibitiwa ndo ya mbele. Ukiwa na presha 170 juu halafu uko kwenye wafarini hapo hata mimi naogopa. Ukiwa na 125 au 130 hali ni tofauti kabisa.

Aspirini nitaipitia haraka. Zamani tuliwapa watu wa AF, hata vitabu vilisema. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti wa watu zaidi ya 5,000 waliosemekana hawafai wafarini, nusu wakapewa aspirini na nusu apiksabani, ambayo ni mojawapo ya hivyo vidonge vipya. Waliomeza apiksabani walipata viharusi chini ya nusu ya wenzao, na kuvuja damu kwingi kulikuwa karibu sawa pande zote. Yaani aspirini inakupa hatari ya tumbo kutoa damu bila kukulinda kichwa. Ndugu yako nia yake njema tu.

Sasa kabla hata ya kubishana wafarini au vidonge vipya, kuna kipimo ambacho hukukitaja, eko, ile picha ya moyo ya mawimbi kama wanayopigwa kina mama wajawazito. Umepigwa? Kwetu huku kuna watu waliopata homa ya rumatiki utotoni, koo ikauma viungo vikavimba basi yakasahauliwa, kumbe valvu, ule mlango wa damu kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ikabaki na kovu na ukubwani inabana. Mtu mwenye valvu hiyo iliyobana sana, au mwenye valvu ya chuma, dawa yake ni wafarini, vidonge vipya si vyake. Kwa hawa wa rumatiki kuna utafiti mkubwa ulitoka mwaka 2022, uliochukua wagonjwa wa Afrika pia, wakalinganisha na rivaroksabani, nayo ni mojawapo ya vidonge vipya, na waliokuwa kwenye wafarini au dawa za jamii yake walikufa wachache zaidi. Kwa hiyo mwambie mwanao asinunue kitu kwanza, pesa ya mwezi wa kwanza iende kwenye eko na kipimo cha figo. Ikisoma valvu imebana, mjadala wenu wa nyumbani umekwisha hapo.

Tuseme valvu ni nzima. Basi una njia mbili na kila moja ina gharama yake.

Wafarini ni rahisi kwa bei na ni ya zamani, tunaijua nje ndani, lakini inataka kuchungwa. Unaanza kidonge jioni, mara nyingi miligramu 5, na haifanyi kazi kesho yake, inachukua kama siku tano au zaidi. INR inapimwa siku chache baada ya kuanza, kisha mara kwa mara mpaka itulie kati ya 2 na 3, halafu inaachana mpaka kila wiki nne au hata zaidi. Chini ya 2 hujalindwa, ikipanda juu ya 4 hatari ya kuvuja inakua haraka, na ubaya wake ni kwamba hutasikia lolote. Hebu chukua mfano huu ninaouona sana: mzee yuko vizuri, INR 2.4 miezi yote, siku moja tumbo linamsumbua anaenda duka la dawa anapewa Flajili, au kifua anapewa Septrini, anameza wiki moja. Zile dawa zinazuia ini lisiivunje wafarini, inajaa mwilini, INR inafika 5 au 6 naye yuko barazani anacheza bao hana habari. Siku ya nane fizi zinatoa damu. Aliyempa Flajili hakuuliza na mzee hakusema. Dawa za malaria nazo zinaweza kuivuruga, kwa hiyo ukitibiwa malaria, INR ndani ya siku chache. Mboga za majani, mchicha, kisamvu, sukuma, zinapunguza nguvu yake, lakini sikukatazi kula, nakuomba ule kwa kiasi kilekile wiki kwa wiki, dozi itarekebishwa ifuate chakula chako. Wengi wanaambiwa waache mboga kabisa, halafu ikija arusi wanakula sahani tatu, hiyo ndo inaharibu.

Kwa hiyo swali la wafarini kwako wewe hasa ni la maabara. Hapo Lamu unapopima, INR inapatikana siku zote au kuna wiki vitendanishi vimekwisha? Majibu yanatoka siku hiyohiyo? Na nani anayasoma akuambie leo meza nusu au meza moja na robo? Kama jibu ni kuchukua boti mpaka Mokowe halafu basi kupitia Garsen mpaka Malindi kila mara, basi ile bei rahisi si rahisi tena, hesabu nauli na siku za kazi ulizopoteza uweke karibu na bei ya vidonge vya mwanao ndo mlinganishe.

Vidonge vipya, rivaroksabani na apiksabani ndo utakavyovikuta zaidi, havitaki INR na havijali mchicha. Damu ya kichwani kwa ujumla ni karibu nusu ya ile ya wafarini, hilo kwa mtu aliyempoteza binamu si jambo dogo. Lakini vinaisha mwilini haraka, ndani ya siku moja hivi. Ndo ubaya wa hesabu ya kijana wako. Siku moja meza siku moja acha maana yake nusu ya mwezi huna kinga yoyote, umelipa pesa nyingi ukabaki na kiharusi chako palepale. Mimi ningependelea mtu ameze wafarini yake kila siku akapima kuliko kumeza dawa ya ghali siku mojamoja. Kaa na mwanao muulizane, hii pesa ipo mwezi huu, je ipo mwezi wa kumi na moja, na akikosa kazi je? Muulize pia duka zaidi ya moja, ziko za majina ya kawaida zisizo za kampuni iliyoanza, bei zinatofautiana kweli. Nchi nyingi sasa zinajaribu kuzileta karibu, Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini kufika kwenye dirisha la hospitali ya serikali ni safari nyingine.

Dozi nazo. Rivaroksabani kwa figo nzima ni miligramu 20 mara moja kwa siku na LAZIMA na chakula cha kushiba, ukimeza na chai kavu karibu thuluthi moja ya dawa haiingii mwilini. Apiksabani ni miligramu 5 mara mbili, chakula si lazima. Figo zikiwa zimepungua dozi inaweza kushushwa, ndo maana nimesema kipimo cha figo kwanza, usikubali kupewa dozi ndogo eti kwa sababu wewe ni mzee tu.

Ramadhani basi. Sisi tuko karibu na ikweta, saa za kufunga hazichezi sana. Wafarini ni futari, rivaroksabani ni futari baada ya kula chakula hasa si tende na maji. Apiksabani moja futari moja daku, tuseme saa 12 na nusu jioni na saa 10 na nusu alfajiri, zinaachana saa kumi upande mmoja na kumi na nne upande wa pili, si kumi na mbili kamili lakini wengi wangu wanafanya hivyo. Wa wafarini apime INR wiki ya kwanza au ya pili ya mwezi kwa sababu chakula chote kimebadilika. Ila hiyo presha na dawa zake zipangwe upya na daktari wako kabla mwezi haujaandama.

Hijama. Najua mahali ilipo kwenu na sitaki kugombana na mama. Ukiwa kwenye dawa hizi zile chale hazifungi upesi, na kuna watu wamekuja kwangu shuka zimelowa. Halafu AF haitokani na damu chafu, ile shida iko kwenye umeme wa moyo. Vikombe vikavu bila kuchanja vinaweza kuacha michubuko mikubwa pia. Ukiamua lazima, basi isiwe bila mimi au daktari wako kujua, na USIACHE dawa kimyakimya siku tatu kabla ili uende, hapo ndo donge linapata nafasi. Hivyohivyo kung'oa jino, mwambie daktari wa meno unatumia nini, yeye na daktari wako wapange.

Kwenye kazi yako mimi siogopi sana patasi. Ukijikata kidole, kitambaa safi, bana kwa nguvu dakika kumi mpaka kumi na tano kwa saa, bila kufungua kuchungulia, itasimama, inachelewa tu. Ninachoogopa kwa seremala ni mgongo na magoti. Mgongo ukiuma unakwenda dukani unapewa Brufeni au unachomwa sindano ya Diklofenaki. Hizo pamoja na dawa ya damu zinatoboa tumbo, na sindano ya msuli inaweza kujaza damu palepale. Panadoli ndo rafiki yako, kwa kiasi. Na kuanguka. Ukiwa juu ya ngazi ukaanguka ukagonga kichwa, hata ukiinuka unacheka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mengine ya kukimbilia hospitali: choo cheusi cha kunata kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma baada ya kubana, kichwa kuuma ghafla vibaya kuliko ulivyowahi. Na mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama, hapo boti ipatikane usiku huohuo, angalia saa ilianza saa ngapi uwaambie. Mkeo na mtu mmoja wa jirani wajue haya.

Ufuatiliaji si mzito. Mwezi mmoja baada ya kuanza urudi, tuone umevumilia vipi, tupime presha na mapigo. Ukikaa kitako mapigo yasizidi 110 kwa dakika, yakizidi kuna vidonge vya kuyapunguza, na dawa ya damu peke yake haiyapunguzi, usije ukashangaa. Tezi ya shingoni ipimwe mara moja maana ikizidi kazi inaleta AF. Figo na wingi wa damu angalau kila mwaka, ukifika 75 kila miezi sita. Na kama unatafuna miraa au muguka barazani niambie tu ukweli, sitamwambia mtu, lakini zinaukimbiza moyo.

Kwa hiyo mzee wangu kabla hujafungua hicho kikopo au kutuma mtoto dukani, piga simu maabara uliza habari ya INR, tafuta eko, pima figo na sukari, na andika kwenye karatasi presha zako za wiki mbili asubuhi na jioni. Usikae nayo miezi, lakini wiki moja mbili za kupata majibu haya zina maana. Ukiwa na majibu, niandikie tena nikuambie kwa hali yako ile hasa ningeegemea wapi, na ukiniambia umechagua njia nyingine tutaangalia jinsi ya kuifanya iwe salama kadiri inavyowezekana. Msalimie mama, mwambie na yeye aulize lake.